Uzi: Bosi analipa abiria akiwa ndani ya gari tu. Kusubiri na treningi ya bure ni saa za kazi au siyo?

Dereva_Garland
Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Texas upande wa Dallas, naendesha vani ya kupeleka wagonjwa hospitali, wengi wao wa dayalisisi. Nalipwa dola 14 kwa saa ila saa zenyewe wanahesabu mgonjwa akiwa ndani ya gari tu, akishuka saa inasimama. Sasa mtu wa dayalisisi anakaa kwenye mashine kama masaa manne, mimi niko pale nje kwenye parking, dispacha kaniambia nisiende mbali maana akinipigia natakiwa niwe nimefika kwa mgonjwa mwingine ndani ya dakika 15. Nachukua vani yadi saa kumi alfajiri narudisha saa tisa mchana, siku tano, na stabu ya cheki inaonyesha saa 32 tu.

La pili, nilipoanza nilikaa darasani siku tatu (fasti eidi, kuendesha kwa tahadhari, kufunga wilchea) halafu siku mbili nimezunguka na dereva mzoefu. Sikulipwa hata senti, wakasema nikimaliza siku 90 watanipa bonasi. Siku 90 zimepita, bonasi hakuna. Na kuna masomo ya kwenye simu lazima umalize nyumbani usiku, usipomaliza wanakutoa kwenye ratiba. Wenzangu wananiambia ndio Amerika hiyo tulia. Naomba kujua, hizi saa zinahesabika au nakubali yaishe?

BabaJunior_Katy
Pole sana ndugu. Mimi nimefanya hizo medikali transpoti hapa Houston, acha nikuambie ukweli, ukiwa umekaa kwenye gari unaangalia simu ama unalala hiyo si kazi, hakuna mtu atakulipa kulala. Na wengi wenu ni 1099, ukiwa 1099 wewe ni biashara yako mwenyewe, mambo ya ovataimu sahau kabisa. Tafuta kampuni nyingine usonge mbele.

Sikonge_Boy
Mkuu hapo kwenye siku 90 hiyo ni matazamio, sheria iko wazi kabisa, mwajiri lazima akulipe hata ukiwa kwenye matazamio. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, mwisho 9 kwa siku, ikizidi ni mara moja na nusu. Nenda CMA kafungue mgogoro fasta usikae sana maana wana siku zao wakikuta umechelewa unaanza kuomba msamaha wa muda.

Dereva_Garland
@Sikonge_Boy asante kaka ila niko Texas, hiyo ni sheria ya Tanzania, CMA huku hakuna 😅
@BabaJunior_Katy mimi ni W-2, wananikata kodi kila cheki.

Shangazi_Peiroli
Nimeona uzi huu nikashindwa kupita. Nafanya kazi ya kuandaa mishahara, na Jumamosi huwa nawatafsiria watu wetu kwenye kliniki ya wanasheria, kesi ya aina hii nimekaa nayo mezani mara nyingi.

BabaJunior, samahani, hilo la kulala si kweli na la ajabu zaidi ni kwamba kesi iliyolikataa ilitoka hukohuko Texas. Wafanyakazi saba wa kiwanda cha nyama Fort Worth walidai malipo ya usiku waliokuwa wakikaa kusubiri moto. Walikuwa na jumba la zimamoto lenye vitanda, redio, meza ya puli na meza ya domino, na kengele ililia mara chache mno. Mahakama za chini zikawaambia huko si kufanya kazi. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hakuna sheria inayosema kusubiri hakuwezi kuwa kazi, kila kesi iangaliwe ilivyo, ikairudisha chini isikilizwe upya. Siku hiyohiyo wazimamoto wa kiwanda kingine Chicago walishinda, na wao walikuwa wanacheza karata. Kwa hiyo swali halijawahi kuwa "ulikuwa unafanya nini mikono yako", swali ni huo muda ulikuwa wa nani. Umeajiriwa ili usubiri, au umeachiwa ukae unasubiri kuitwa kazini?

Kanuni za Wizara ya Kazi zinakwenda hivyohivyo. Tarishi anayejaza chemshabongo akisubiri barua yuko kazini. Halafu kuna mfano wa dereva wa lori, huyu nataka Garland umsome taratibu. Katoka Washington saa kumi na mbili asubuhi kafika New York saa sita mchana, kaambiwa kabisa huna kazi yoyote mpaka saa kumi na mbili jioni, nenda unakotaka. Zile saa sita hazilipwi. Lakini dereva huyo akiambiwa asubiri pale mzigo upakiwe, analipwa.

Sasa niambie dispacha anakuambiaje hasa, maneno yenyewe. Na je kila siku ni hivyohivyo?

Dereva_Garland
Shikamoo shangazi. Siku nyingi ananitumia meseji "kaa karibu" au "stendibai", na kweli asubuhi moja naweza kuitwa mara mbili kupeleka mtu mwingine kabla wa dayalisisi hajatoka. Ila Jumatano ni tofauti, Jumatano asubuhi ana madereva wengi kwa hiyo ananiandikia "uko ofu mpaka saa nne kamili", hapo napata kama masaa matatu huwa naenda jimu au narudi nyumbani nakula. Vani ninayo mimi na simu ya kazi naiacha wazi lakini hajawahi kunipigia muda huo.

Shangazi_Peiroli
Marahaba mwanangu. Hapo umenisaidia sana kwa kusema ukweli wa Jumatano, maana watu wengi wanaziweka zote kapu moja halafu wakili wa kampuni anatoa hiyo siku moja tu kuonyesha dai lote ni la uongo.

Siku nne zile, mimi nazihesabu ni kazi. Huwezi kwenda popote, hujui utaitwa saa ngapi, na kweli unaitwa. Ya Jumatano inafanana na yule wa New York: umeambiwa mapema, muda unatosha kufanya mambo yako, na saa ya kurudi inajulikana. Mtu anaweza kubishana kwamba bado una vani yao na simu yao, na watu wanabishana kweli, lakini mimi ningekuwa wewe nisingejenga dai langu juu ya masaa hayo matatu.

Kuanzia kuchukua vani yadi, kukagua taa na matairi na kushusha ile lifti ya wilchea kuona inafanya kazi, mpaka kuirudisha, hiyo yote imo. Safari ya kutoka kwako mpaka yadi haimo.

mama_wawili_DFW
Jamani kumbe! Shemeji yangu naye anasubiri hivyohivyo kwenye parking na anadhani ni bahati yake tu kupata usingizi 😂

BabaJunior_Katy
Shangazi nimekusoma lakini hayo ni mambo ya makaratasi. Hapa kwa ground, bosi atasema nimekulipa juu ya minimamu na hakuna kitu utafanya. Dola 14 mara saa 32, gawanya na saa zote ulizokaa, bado uko juu ya 7.25. Nimeyaona haya.

Shangazi_Peiroli
Hapo BabaJunior kagusa kitu cha kweli na ndicho kinachowaangusha wengi, ngoja tukipige hesabu.

Yadi mpaka yadi ni saa 11, siku tano ni 55. Tukitoa yale matatu ya Jumatano zinabaki 52. Amelipwa 32 mara 14, ni dola 448. Gawanya kwa 52 unapata kama dola 8.60 kwa saa. Kima cha chini cha serikali kuu ni 7.25, hakijapanda tangu 2009, na Texas inatumia hichohicho. Mahakama nyingi zinatazama wiki nzima kwa wastani, kwa hiyo kwenye kima cha chini peke yake bosi amepona. BabaJunior yuko sahihi mpaka hapo.

Ila sheria ina mguu wa pili, saa 40. Zikishakuwa 52 kuna saa 12 za ovataimu ambazo hazikulipwa kama ovataimu. Na hapa ndipo watu wanapotofautiana pesa nyingi. Ukisema dola 14 ni malipo ya kila saa ya kazi, basi wiki hiyo alitakiwa apate 560 za saa 40 za mwanzo, na saa 12 kwa dola 21 ambayo ni 252, jumla 812, kapungukiwa 364. Kampuni itasema hapana, zile 448 tulikubaliana ndizo malipo ya saa zote pamoja na za kusubiri, kwa hiyo kiwango chako halisi ni hiyo 8.60 na unatudai nusu yake tu kwa saa 12, ambayo ni kama dola 52. Toka 364 mpaka 52, kwa wiki ileile! Kinachoamua ni mlikubaliana nini, kwa hiyo barua yako ya ajira itafute kama unavyotafuta pasipoti. Imeandikwa "dola 14 kwa saa" basi, au imeandikwa "kwa saa ya abiria"?

Na ile wiki utakayofanya siku tatu tu, tuseme saa 33, hakuna ovataimu na kima cha chini kimetimia, serikali kuu haikusaidii hapo. Hiyo unaipeleka TWC, ile tume ya kazi ya Texas, ambayo inaangalia mwajiri aliahidi kulipa nini. Kule ni siku 180 tangu siku mshahara ulipotakiwa kutoka, zikipita wanakurudishia karatasi yako.

Dereva_Garland
Barua imeandikwa "$14 kwa saa" nukta. Hayo ya abiria nimeyasikia siku ya cheki ya kwanza.

Shangazi_Peiroli
Piga picha leo. Ihifadhi nje ya simu ya kazi.

Mukongo_wa_Iowa
Jambo bantu yote. Mimi niko natumika kwa depo kubwa, kumaliza kazi tunapanga mulolongo kwa kupita ile mashini ya kuangalia kama umeiba, dakika 20, siku zingine 25, na tumekwisha kupiga saa ya kutoka. Iyo nayo si kusubiri? Mi naona njo kitu kimoja na ya ule ndugu.

Shangazi_Peiroli
Ndugu yangu wa Iowa, kwa macho ya kawaida ni kitu kimoja, kwa sheria ya serikali kuu siyo. Wafanyakazi wa maghala ya Nevada walilipeleka hilohilo mpaka Mahakama Kuu, na Desemba 2014 majaji wote tisa wakawakatalia. Walisema hujaajiriwa ili ukaguliwe, umeajiriwa kutoa bidhaa rafuni na kufunga, na ukaguzi ni kitu cha baada ya kazi. Garland kusubiri kwake kuko katikati ya siku na ndiyo kazi yenyewe, anasubiri ili abebe wagonjwa. Kwako kilichobaki ni sheria ya jimbo, maana jimbo linaruhusiwa kumpa mfanyakazi zaidi. Pennsylvania mahakama yao ya juu ilisema mwaka 2021 kwamba kwa sheria yao foleni hiyo inalipwa. Mimi haiingii akilini mwangu mtu anazuiwa kutoka mlangoni halafu unasema yuko huru, lakini ndivyo walivyoamua.

Mukongo_wa_Iowa
Aksanti mama. Ni baya kabisa.

Dereva_Garland
Shangazi na treningi? Meneja nimemuuliza jana kistaarabu tu, akasema "wakati ule ulikuwa bado hujawa mfanyakazi wetu, tulikufundisha bure shukuru."

Shangazi_Peiroli
Anaweza kuwa kasikia kitu mahali. Mwaka 1947 kuna kampuni ya reli ilishinda kesi ya namna hiyo, vijana waliokuwa wanajifunza kazi ya breki siku saba au nane, mahakama ikasema hawakuwa wafanyakazi. Lakini pale hawakuchukua nafasi ya mtu yeyote, na kazi ya reli ilikuwa inacheleweshwa nao tu, kampuni haikupata faida ya papo hapo. Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili. Zile karatasi za ajira, ya kodi na ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, ulisaini kabla au baada ya darasa? Na siku mbili za kuzunguka ulikuwa umekaa unaangalia tu?

Dereva_Garland
Nilisaini Ijumaa, darasa likaanza Jumatatu. Siku ya kwanza ya kuzunguka niliangalia. Ya pili yule mzee mgongo ulikuwa unamuuma akaniambia leo wilchea zote zako. Nilifunga mimi, ile mikanda minne, miwili mbele miwili nyuma, unaikaza mpaka kiti hakichezi halafu ndio unamfunga mgonjwa mkanda wake wa kifuani na kiunoni. Watu sita au saba hivi, na mchana nikaendesha mimi yeye akiwa pembeni.

Shangazi_Peiroli
Basi ulikuwa mfanyakazi. Umeshaajiriwa Ijumaa, na hiyo siku ya pili kampuni imelipwa kwa wagonjwa uliowabeba wewe.

Treningi ya mtu aliyeshaajiriwa isilipwe, inatakiwa mambo manne yatimie yote kwa pamoja: iwe nje ya saa zako za kawaida, iwe ya hiari kweli, isihusiane na kazi yako, na usifanye kazi nyingine yoyote wakati huo. Likikosekana moja tu, unalipwa. Darasa la kufunga wilchea kwa dereva wa wilchea linahusiana na kazi, sijui hapo watasema nini. Na masomo ya usiku kwenye simu, wakikutoa kwenye ratiba usipoyamaliza, hiari iko wapi? Kwamba umeyafanyia kitandani kwako haijalishi.

Na hili ndilo dai lako safi kuliko yote, maana wiki ile hukupata kitu. Wastani wa sifuri ni sifuri, hakuna cha kugawanya. Darasa saa 24 peke yake kwa 7.25 ni dola 174, halafu ongeza siku mbili za barabarani. Kwa kiwango cha barua yako ni zaidi, ila hicho ndicho cha chini kabisa wasichoweza kubishia. Ile hadithi ya bonasi baada ya siku 90 haibadilishi, mshahara wa wiki unalipwa siku ya mshahara ya kipindi hicho.

BabaJunior_Katy
Sawa lakini ushahidi? Saa wameandika wao. Wataleta ripoti yao na yeye ataleta maneno.

Shangazi_Peiroli
Kuandika saa ni jukumu la mwajiri. Tangu 1946 Mahakama Kuu ilishasema mwajiri asipotunza rekodi sawasawa, mfanyakazi anaweza kuleta makadirio ya haki na mwajiri ndiye avunje hayo makadirio. Lakini makadirio yenye kitu nyuma yake. Meseji za "kaa karibu" na za "uko ofu" zote, usichague. Skrinshoti za orodha ya safari za kila siku kutoka kwenye apu, maana wakikuondoa kazini hiyo apu inafungwa dakika hiyohiyo. Vyeti vya masomo ya simu vina tarehe na saa ya kumaliza. Na anza leo daftari lako la karatasi: umechukua vani saa ngapi, umerudisha saa ngapi, umeambiwa ofu lini.

kijana_wa_Fort_Worth
Akipeleka dai si watamfukuza? Na kama mtu karatasi zake hazijakaa sawa? Nauliza kwa niaba ya rafiki 🙃

Shangazi_Peiroli
Kumfukuza kwa sababu ya dai ni kosa jingine juu ya la kwanza. Haina maana hawafanyi, wanafanya. Rafiki yako mwambie kitengo cha mishahara cha Wizara ya Kazi kinatetea saa alizokwisha kufanya hata karatasi zikoje. Namba ni 1-866-487-9243, unaomba mkalimani wa Kiswahili. Pia anaweza kumtumia wakili, na akishinda kampuni ndiyo inalipa gharama za wakili, na mara nyingi deni linalipwa mara mbili. Muda ni miaka miwili kurudi nyuma, mitatu ukionyesha walijua wanachofanya. Kila wiki unayokaa kimya, wiki moja ya zamani inadondoka nyuma.

BabaJunior_Katy
Kampuni niliyokuwa walisema wao ni kama teksi na madereva wa teksi hawana ovataimu. Hiyo je?

Shangazi_Peiroli
Hiyo wanaijaribu kweli, kipengele cha teksi kipo kwenye sheria. Ila teksi ni mtu yeyote anaisimamisha anakwenda anakotaka, vani yenye mkataba wa kubeba wagonjwa kwa ratiba si rahisi kuiita teksi. Hilo linapiganiwa kesi kwa kesi. Na hata wakishinda linaua ovataimu tu, kima cha chini kinabaki, kwa hiyo wiki ya treningi haiguswi. Na wewe na 1099 yako, kuitwa biashara yako mwenyewe kwenye karatasi hakutoshi. Gari lilikuwa la nani, bei alipanga nani, ungeweza kukataa safari?

BabaJunior_Katy
Gari lao, bei yao. Kukataa, ukikataa wiki hiyo hupati safari tena. Lakini hiyo ni zamani sana shangazi, tuiache.

Dereva_Garland
Wakuu sasa kuna jipya. Leo asubuhi yadi wametupa fomu, madereva wote tusaini kwamba "muda wa kusubiri ni muda wangu binafsi na sidai malipo". Wenzangu wawili wameshasaini. Mimi nimesema nimesahau miwani.

mama_wawili_DFW
Miwani 😂😂😂

Shangazi_Peiroli
Umefanya vizuri, omba nakala uende nayo nyumbani. Waliosaini wasife moyo, ovataimu na kima cha chini mtu hawezi kuvisaini akaviachia, na yaliyopita saini haiyafuti. Ninachokiangalia ni mbele. Kama kesho dispacha anaanza kweli kuwaandikia "uko huru mpaka saa nne" na kweli hawapigii, basi hali imebadilika na hizo saa mpya zinaweza zisilipwe. Kama fomu inasema binafsi halafu saa kumi na moja alfajiri anakuandikia "kaa karibu", hiyo meseji ndiyo inayohesabika. Nitumie picha ya fomu inboksi, jina la kampuni ulifunike, na uniambie kesho amekuandikia nini.